Gunia la kilo 50 linanipa pakiti 193 za robo badala ya 200. Hizo saba zinakwenda wapi?

Kibanda_Kipya

Wakuu, salamu. Nina miezi mitatu tangu nianze kufungasha sukari. Nanunua gunia la kilo 50, nagawa kwenye pakiti za robo kilo, gramu 250, nauza moja moja. Hesabu ya darasani ni robo nne kwenye kilo mara 50, pakiti 200. Mimi 200 sijawahi kuiona. Gunia la kwanza sikuhesabu, la pili lilitoa 194, la juzi 193.

Sarafu siitaji, na bei nimezikunja ziwe namba nyepesi ili kila mtu apachike za kwake. Kilo kwa bei ya gunia ichukulieni 100, kwa hiyo gunia ni 5,000. Kulifikisha kwangu 100. Mfuko mtupu nusu, yaani mifuko 200 ni 100. Pakiti nauza 30.

Kwenye daftari: 200 mara 30 ni 6,000. Toa 5,000 ya gunia, toa 100 ya usafiri, toa 100 ya mifuko, inabaki 800. Faida ya 4 kwa kila pakiti. Lakini droo inakataa, hiyo 800 haijawahi kulala humo.

Napima kwa mizani ya kielektroniki, ile inayoruka gramu tano tano. Sukari imo ndani, mlango nafunga. Je, wa duka la jumla ananiuzia gunia pungufu, au kuna kitu sikioni?

Tingatinga

Unaibiwa, hakuna siri hapo. Gunia linapitia mikono mingapi kabla halijafika kwako? Kuna watu wanachomeka bomba kwenye kona ya gunia, wanachota kilo, nyuzi zinarudi mahali pake kama si wao. Badilisha muuzaji.

Nyota_ya_Jaa

Si wizi. Sukari inakauka. Ikitoka kiwandani ina unyevu wake, ukiifungua ikapigwa na hewa maji yanaondoka na uzito unashuka. Nafaka nazo ziko hivyo hivyo, uliza mtu yeyote aliyewahi kuhifadhi mahindi.

Mzee_wa_Mizani

Nyota, kwa mahindi uko sawa kabisa. Sukari ni jambo jingine. Sukari nyeupe ya punje haibebi maji hata sehemu moja katika elfu. Gunia zima la kilo 50, ukilikausha mpaka tone la mwisho, halitapoteza gramu 50. Yeye amepoteza pakiti saba, ambazo ni gramu 1,750. Hewa haiwezi kuchukua maji ambayo hayamo. Ikiwa chumba kina unyevunyevu mwingi ndiyo kwanza sukari inavuta maji, inaongezeka uzito kidogo na kushikana mabonge.

Na wewe Tingatinga, inawezekana umesema kweli, ila hilo halisemwi, linapimwa. Kibanda, nijibu mambo matatu kabla hatujamtia mtu hatiani. Gunia ulilipima kabla ya kulifungua? Mfuko mtupu unauondoaje kwenye hesabu ya mizani? Na mizani ikishasoma 250, mkono wako unafanya nini?

Kibanda_Kipya

Gunia sijawahi kulipima, mizani yangu haifiki huko. Mfuko mtupu naweka juu, nabonyeza TARE, inasoma 0, ndipo namimina.

La tatu limenichekesha. Ikifika 250 naongeza kijiko kimoja cha chai. Naogopa mteja akapime kwingine akute pungufu, jina langu liharibike. Mizani yenyewe inaruka tano tano, siiamini sana.

Mzee_wa_Mizani

Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina sukari kama gramu nne. Kikiwa na kilima juu ni zaidi. Usinijibu kwa kukisia. Chukua pakiti 20 ulizokwisha kufunga, ziweke zote pamoja kwenye mizani, uandike. Kisha pima mifuko mitupu 20. Ukipima moja moja, mruko wa gramu tano utakuficha ukweli, kwa sababu pakiti inayosomeka 250 inaweza kuwa 248 au 252. Ukizipima 20 kwa mpigo, kosa lile lile dogo la kusoma linagawanywa kwa 20.

Jirani_Mwema

Samahani wakuu, mimi nina swali langu hapo hapo. Sukari yangu ikikaa wiki mbili inashikana, pakiti inakuwa jiwe. Niweke mchele ndani?

Mzee_wa_Mizani

Jirani, weka mifuko juu ya mbao, isikae sakafuni wala isiguse ukuta, na mdomo uzibwe kweli. Ukiuchoma kwa mshumaa, uvute kwa pande mbili baada ya kupoa uone kama hauachi tundu. Mchele utakuletea ugomvi na wateja. Tukiendelea zaidi tutamharibia mwenzetu uzi, fungua wako nitakuja.

Binti_Hesabu

Naomba niingie upande wa fedha, maana naona wote mnazungumza gramu na yeye alianza na droo.

Kibanda, pakiti saba ukizitazama ni asilimia tatu na nusu ya gunia, mtu anasema si kitu. Lakini pakiti isiyokuwepo haikukosesha faida ya 4 peke yake. Sukari yake umekwisha kuilipia, kwa hiyo imekukosesha bei nzima ya 30, umeokoa mfuko wa nusu tu. Gunia lako la juzi ni hivi: 193 mara 30 ni 5,790. Toa 5,000, toa 100, toa mifuko 96.5. Umebaki na 593.5.

Ulitarajia 800, umepata kama 594. Asilimia tatu na nusu ya sukari imeondoka na zaidi ya robo ya faida. Ukigawa kwa pakiti 193, kila moja imekuachia 3.08 na si 4.

Kwa hiyo gharama ya sukari ndani ya pakiti si 25 kama unavyoiandika. Ni 5,000 gawa kwa 193, ambayo ni 25.9. Ugawe kwa pakiti zilizotoka, zile za darasani usizitumie.

Kichwa_Ngumu

Binti, hapa nakupinga kidogo. Faida yake ni asilimia 20, iko wazi. Amenunua 25, ameuza 30, tano juu ya 25 ni asilimia 20. Atenge asilimia 20 ya mauzo ya kila siku, nyingine ni mtaji, mambo yanakwisha. Mimi ndivyo nifanyavyo.

Bi_Mdogo

Kichwa_Ngumu, usifanye hivyo ndugu yangu. Hicho ndicho kilichonimaliza mimi.

Nilikuwa natoa asilimia 20 ya mauzo kila jioni nikijua ni yangu. Kwa namba za huyu mwenzetu, gunia likiuzwa lote kwa 6,000, asilimia 20 ni 1,200. Na tofauti ya kununua na kuuza ni 1,000 tu, kwa sababu tano yenyewe juu ya 30 ni sehemu moja ya sita, si ya tano. Bado mifuko na usafiri wa 200. Kwa hiyo nilikuwa natumia 1,200 mahali palipo na 800. Kila gunia nakula 400 ya mtaji bila kujua. Magunia 12 ni 4,800, karibu gunia zima limeliwa.

Siku ya kununua la 13 nikakuta fedha haitoshi nikamshuku mdogo wangu aliyekuwa akinisaidia kuuza. Tulikosana miezi. Alikuwa hana hatia hata chembe.

Kichwa_Ngumu

Ngoja nikae chini na daftari langu. Nitarudi.

Kibanda_Kipya

Nimerudi na majibu. Pakiti 20 zilizofungwa: gramu 5,165. Mifuko mitupu 20: gramu 40. Kwa hiyo sukari tupu ni 5,125, gawa kwa 20 ni 256.25.

Kumbe kila mteja anaondoka na gramu sita na robo za bure! Kwa pakiti 193 hiyo ni gramu 1,206. Karibu pakiti tano nimezigawa mwenyewe kwa kijiko cha chai.

Tingatinga

Na hizo nyingine? 1,750 toa 1,206 bado 544. Nilisema unaibiwa.

Mzee_wa_Mizani

Sasa Tingatinga anastahili kusikilizwa, ila kwa pakiti mbili, si saba. Kibanda, gunia lijalo lipimwe kabla halijafunguliwa, kwenye mizani ya chini ya kupimia magunia. Jirani yako yeyote anayeuza nafaka anayo. Likiisha, kung'uta gunia, upime gunia tupu. Kilo 50 zinazoandikwa ni za sukari bila gunia, kwa hiyo mzigo mzima lazima uzidi 50. Watu wengi wanaona 50.0 wanafurahi, kumbe wamepungukiwa uzito wa gunia.

Jambo jingine la mizani, hata kama wewe halikuhusu. Mizani nyingi za kielektroniki zina tabia ya kujirudisha sifuri zenyewe. Ukiweka mfuko, ukabonyeza TARE, halafu ukaanza kudondosha sukari kidogo kidogo polepole, zile gramu za mwanzo mashine inadhani ni mtikisiko tu, inazifuta. Umemimina, namba imeng'ang'ania 0. Gramu hizo huziuzi, unazitoa bure. Dawa yake ni kuanza kwa kumimina upawa mzima kwa mkupuo, kisha udondoshe mwishoni, mizani ikiwa mbali na sifuri.

Kibanda_Kipya

Mimi naanza na upawa mkubwa, nadhani hapo nimesalimika.

Bi_Mdogo

Mimi sikusalimika! Nafunga za gramu 100 na nilikuwa naanza na kijiko kwa sababu mfuko ni mdogo, naogopa kumwaga. Nimejaribu sasa hivi usiku huu. Nimedondosha kijiko kimoja polepole sana, mizani imekaa 0 kama haikuona kitu. Nimeinua mfuko, nimeurudisha, ndiyo ikabadilika. Jamani.

Kopo_Moja

Mnajitesa. Mimi nina kopo. Nililipima siku moja, likijaa na kusawazishwa kwa rula ni robo kamili. Tangu siku hiyo nachota, napitisha rula, namimina. Sekunde kumi pakiti imekwisha. Mizani ya nini?

Mzee_wa_Mizani

Kopo lako lina ujazo wa kama mililita 300, sivyo? Fanya hivi: lijaze, pitisha rula, kisha ligonge mezani mara tano. Tazama usawa unavyoshuka. Jaza tena pale paliposhuka, upime. Gramu kumi na zaidi zimeingia kwenye kopo lile lile.

Sukari ya juu ya gunia imelegea, ya chini imegandamizwa. Sukari ya punje ndogo inalala tofauti na ya punje kubwa, na ukibadilisha kiwanda kopo lako linakuwa limebadilika bila kukuarifu. Kopo ni zuri kwa kufikia 240 haraka. Gramu kumi za mwisho ni kazi ya mizani.

Kopo_Moja

Nimegonga. Nanyamaza kwa leo. Ila kasi yangu bado hamjaijibu.

Tingatinga

Mimi nina wazo fupi kuliko yote. Funga gramu 240. Nani anapima nyumbani? Kwa gunia utatoa pakiti 208 na mjadala umekwisha.

Mzee_wa_Mizani

Tingatinga, ukiandika 250 ukaweka 240 hilo linaitwa kupunja, na wakaguzi wa vipimo kazi yao ndiyo hiyo. Shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, OIML, lina mwongozo wake namba R 87 wa bidhaa zilizofungashwa, na kila nchi ina sheria zake, kwa hiyo Kibanda asome za kwao. Mwongozo ule unakubali kwamba mkono na mashine vinakosea. Pakiti ya gramu 250 ina uvumilivu wa gramu 9 kushuka kwa moja moja. Lakini wastani wa shehena nzima hauruhusiwi kuwa chini ya 250. Yule anayepanga 241 kila mara akidhani amejificha ndani ya zile tisa amekamatwa na wastani.

Nimelitaja kwa sababu linamsaidia Kibanda kinyume cha anavyoogopa. Hana haja ya kijiko cha chai. Akilenga 251, zikatoka 249, 252, 251, 250, yuko salama kwa mteja na kwa mkaguzi. Anayotoa bure ni gramu moja badala ya sita.

Tingatinga

Basi aandike 240 kwenye pakiti, auze 30 ile ile.

Binti_Hesabu

Hilo ni halali, na ni bei imepanda, tusilipe jina jingine. Mteja akiona 240 ya huyu na 250 ya jirani kwa bei moja ataenda wapi? Labda ataona, labda hataona. Mimi nisingecheza nayo.

Mpita_Njia

Swali: kwa nini usifunge za gramu 100? Wadogo ndio wanaolipa. Kwa bei yenu hiyo, gramu 100 zinagharimu 10, mtu anauza 13 na inatoka. Pakiti 500 mara 13 ni 6,500. Zaidi ya hiyo 6,000 yenu.

Binti_Hesabu

Mpita_Njia umegusa mahali penyewe. Kwa karatasi uko sahihi. Tuchukue mfuko mdogo kwa 0.4, mifuko 500 ni 200. Toa 5,000, toa usafiri 100, toa 200, inabaki 1,200. Inaipita 800 kwa mbali.

Sasa rudisha kosa la mkono. Gramu za ziada hazipungui kwa sababu pakiti ni ndogo. Mkono ni ule ule, mizani ni ile ile. Tuseme unazidisha gramu 5. Kwenye robo, gunia la 50,000 gawa kwa 255 linatoa pakiti 196, umekosa nne, kama 118 ya fedha. Kwenye gramu 100, 50,000 gawa kwa 105 ni pakiti 476. Umekosa 24. Mauzo yanakuwa 6,188, ukitoa gharama unabaki na karibu 898. Zile 1,200 zimeshuka kwa 302.

Bado ni zaidi ya 800, sikatai. Lakini tazama saa. Kibanda, pakiti moja unatumia muda gani?

Kibanda_Kipya

Kufungua mfuko, kupima, kuchoma mdomo, kupanga, kama sekunde 45 nikiwa sijachoka.

Binti_Hesabu

Robo 200 kwa sekunde 45 ni saa mbili na nusu. 800 kwa saa mbili na nusu ni 320 kwa saa. Za gramu 100, tuseme sekunde 40 maana sehemu kubwa ya kazi ni mfuko na mshumaa, sukari haipunguzi kitu. Pakiti 500 ni saa tano na nusu. Hata ukiwa huna kosa hata la gramu moja, 1,200 kwa saa hizo ni kama 216 kwa saa.

Mpita_Njia

Saa ya mtu aliyekaa dukani akisubiri wateja ina bei gani? Anafunga huku anauza. Mimi ile saa siiandiki popote.

Binti_Hesabu

Siku ukitaka kumlipa mtu akufungie ndipo utaiandika. Ila nakubali, kwa mtu aliyekaa bila kazi hesabu yangu inalegea. Halafu kuna jambo ambalo karatasi hailijui: je, gramu 100 zinatoka haraka kiasi kwamba gunia linakwisha kwa siku sita badala ya kumi? Ikiwa hivyo, fedha yako inazunguka mara nyingi zaidi kwa mwezi. Hilo Kibanda ndiye wa kulipima, sisi hapa tutabishana mpaka kesho.

Bi_Mdogo

Kwangu gramu 100 zinatoka sana siku za mwisho wa mwezi watu wakiwa wameishiwa. Mwanzoni mwa mwezi zinakaa, wanachukua kilo. Kwa hiyo nafunga kwa nusu gunia tu, lingine naliacha.

Kichwa_Ngumu

Nimerudi. Sisemi nimekuta nini. Kuanzia leo natoa sehemu ya nane ya mauzo na si zaidi, mpaka nijue gunia langu linatoa pakiti ngapi kweli.

Bi_Mdogo

Pole. Wewe angalau umewahi kabla ya la 13.

Kibanda_Kipya

Wakuu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilikuwa nasubiri gunia jipya liishe. Leta viti.

Nimelipima likiwa limefungwa kwenye mizani ya jirani: kilo 49.90. Nikalitazama kona zote na mshono, sikuona tundu wala uzi uliolegea. Nilipolimaliza, gunia tupu na mfuko wake wa ndani vilikuwa gramu 150. Kwa hiyo sukari niliyonunua ni kilo 49.75. Pungufu gramu 250. Pakiti moja kamili, Tingatinga, hongera.

Nimenunua mizani ndogo inayosoma gramu moja moja. Kabla ya kuianza niliweka chupa tupu, nikabonyeza TARE, nikamimina nusu lita ya maji kwa kikombe cha vipimo. Ikasoma 499. Nikaihamisha mbali na feni kwa sababu namba ilikuwa inacheza. Kijiko cha chai nimekirudisha jikoni. Nalenga 251.

Nimetandika karatasi kubwa nyeupe chini ya meza ili nione kinachomwagika, na gunia nililigeuza nje ndani nikazipangusa kona, kule kwenye mshono kulikuwa na sukari ya kujaza viganja viwili. Magunia yaliyotangulia niliyatupa hivyo hivyo.

Pakiti 198. Mauzo 5,940. Toa 5,000, toa 100, toa mifuko 99. Imebaki 741, ambayo ni 3.74 kwa pakiti. La juzi lilikuwa 3.08.

Binti_Hesabu

Ukiwa na kilo 49.75, hata mkono wa malaika ungetoa 199. Umefika.

Ngoja nihakiki: 198 mara 251 ni gramu 49,698. Zimebaki 52 zisizojulikana.

Tingatinga

Pakiti moja kwa kila gunia, kwa mtu anayeuza magunia elfu, ni utajiri. Mnanicheka lakini ndivyo ilivyo.

Mzee_wa_Mizani

Gunia moja haliwezi kumshitaki mtu. Mizani ya magunia nayo ina mruko wake, huenda gramu 50 au 100 za hapo ni za mizani. Kibanda apime matano mfululizo, aandike tarehe. Yakitoka yote 49.75, aende na daftari kwa muuzaji, kwa adabu, amwombe wapime pamoja. Mengine yakizidi 50, ndiyo kawaida ya kiwanda, aache.

Kinachonisumbua zaidi ni gunia lile la 193. Kijiko kilichukua 1,206. Tukisema nalo lilipungua 250 kama hili, zinabaki karibu 294. Kona za gunia ulilotupa zinaweza kuwa zimechukua nusu yake. Nyingine?

Kibanda_Kipya

Mzee, hapo naomba unistiri. Nimeuliza nyumbani. Kumbe tangu nifungue hii biashara, jikoni kwetu hakuna mtu aliyenunua sukari.

Kopo_Moja

Hahaha! Na Tingatinga alikuwa anamtafuta mwizi duka la jumla.

Binti_Hesabu

Si wizi, ni mauzo yasiyoandikwa. Kila wakichukua, iandike kwa 25.9, si kwa 30, usiwatoze faida watu wako.

Kibanda_Kipya

Wamekubali kununua pakiti kama wateja, ila wanataka ile yenye kijiko cha nyongeza. Kuhusu gramu 52 za gunia la sasa, hizo nazijua. Nyingi ziko kwenye karatasi nyeupe chini ya meza, na siafu wameshaziona kabla yangu. Za gramu 100 naanza na kilo kumi wiki ijayo, nitahesabu pakiti na saa zote mbili, kisha nirudi.